Simu Imesema Kiuno Ni 78. Kimepimwa au Kimekisiwa?

Mwaka 2018 kampuni ya Kijapani inayomiliki duka la mtandaoni la Zozotown ilianza kuwatumia wateja wake vazi la ajabu: nguo nyeusi ya kubana, kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, imejaa mamia ya vidoti vyeupe. Mteja alilivaa, akaisimamisha simu mezani, akazunguka taratibu kufuata nafasi 12 za uso wa saa huku sauti ya simu ikimwelekeza. Vidoti vile vilikuwa na alama zinazovitofautisha, kwa hiyo simu ilipokiona kidoti kimoja kutoka pembe hii na ile iliweza kukokotoa kilipo. Vazi lile, Zozosuit, lilitangazwa kwa wateja wa nchi 72. Kabla mwaka haujaisha mwenye kampuni, Yusaku Maezawa, alikuwa ameshasema litaondolewa polepole, kwa kuwa takwimu zilizokusanywa zilitosha kukisia saizi ya mtu bila yeye kulivaa. Mwaka 2019 duka la ng'ambo la nguo zao za kupimiwa likafungwa.

Ninaianza habari hii na vazi lile kwa sababu linaonyesha kitu ambacho programu za leo hazina. Leo hutumiwi vazi lenye vidoti. Unaambiwa uandike kimo chako, pengine na uzito, uvae nguo za kubana, uegemeze simu kwenye kitu kilicho usawa wa kiuno, urudi nyuma hatua kadhaa, upigwe picha moja ya mbele na moja ya ubavuni. Dakika haijaisha unapewa kifua, kiuno, nyonga, paja na urefu wa mkono, na kila namba ina desimali yake. Ile desimali ndiyo inayowapumbaza watu. Kiuno cha sentimita 77.7 kinaonekana kama kitu kilichopimwa, kumbe kimekisiwa.

Ukisio huo hauna uchawi. Simu inakutenganisha na ukuta ulio nyuma yako, inabaki na umbo lako la nje kama kivuli. Inatafuta viungo: mabega, viwiko, nyonga, magoti. Kisha inachukua mwili wa kompyuta uliotengenezwa tayari, inaurefusha, inaunenepesha na kuukondesha mpaka kivuli chake kifanane na chako. Mizunguko yote unayosomewa inachukuliwa kwenye mwili huo wa kompyuta. Wako haujaguswa.

Tatizo la kwanza lipo hapo hapo. Picha ya mbele inaonyesha upana wa kiuno, na ya ubavuni inaonyesha unene wake kutoka tumboni hadi mgongoni. Mzunguko hauonekani kwenye picha yoyote. Tuseme kiuno kina upana wa sentimita 30 na unene wa 22. Kama kimezunguka kwa umbo la yai, mzunguko wake ni kama sentimita 82. Kama ni bapa mbele na nyuma, kimejaa kwenye kona za ubavuni, upana ule ule na unene ule ule vinaweza kuzunguka sentimita 88. Vivuli ni vile vile, lakini futi inatofautiana kwa sentimita 6. Kompyuta inachagua kati ya hivyo viwili kwa kuangalia miili iliyofundishwa.

Na imefundishwa miili ya nani? Modeli inayojulikana zaidi katika fani hii inaitwa SMPL. Ilichapishwa mwaka 2015 na watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Tübingen, Ujerumani, pamoja na wenzao, na maumbo yake yalitokana na miili iliyoskaniwa katika mradi wa CAESAR, uliopima watu wa Marekani, Uholanzi na Italia miaka ya mwisho ya karne iliyopita. Si kila programu ya dukani inatumia modeli hiyo, na baadhi ya kampuni zimekusanya miili yao wenyewe. Hata hivyo ni haki kuuliza. Mwili ambao haukuwepo darasani kompyuta inausogeza kuelekea ule inaoufahamu. Mwanamke mwenye kiuno chembamba na makalio yaliyojaa nyuma, umbo ambalo kila fundi wa Kariakoo analishonea kila siku, ndiye ninayetarajia nyonga zake zisomwe pungufu na kiuno kisomwe kwa ziada. Ukiwa na umbo la namna hiyo, anza kuikagua nyonga kabla ya kitu kingine.

Tatizo la pili ni kimo, na hili liko mikononi mwako. Picha haijui sentimita. Mtu mrefu aliye mbali na mtu mfupi aliye karibu wanaweza kujaza kioo sawasawa. Kimo unachoandika ndicho kipimo pekee cha kweli ambacho simu inapewa, na namba nyingine zote zinaning'inia juu yake. Baadhi ya simu za bei ya juu, kama iPhone za Pro kuanzia toleo la 12 la mwaka 2020, zina kihisi cha leza kinachopima umbali, na hicho husaidia. Simu ambazo wengi wetu tunazo mfukoni hazina, na programu ikifanya kazi humo inategemea kamera ya kawaida na neno lako.

Tumchukue mwanamke mwenye kimo cha sentimita 166. Futi, ikishikwa vizuri, inampa kiuno 80 na nyonga 105. Siku ya kujiskani amesuka, nywele amezifunga fundo juu ya kichwa, au amevaa mtandio juu ya fundo hilo, na fundo limeongeza sentimita 5. Programu isiyojua kutofautisha nywele na fuvu inaona umbo linaloanzia juu ya fundo hadi kisiginoni na kuamini kuwa lote hilo ni 166, ilhali ni 171. Kila kitu kinapunguzwa kwa karibu asilimia 3. Kiuno kinasomwa 78, nyonga 102. Arudie mara ngapi kwa fundo lile lile, atapata namba zile zile, na atasema programu hii haibadiliki, basi ni ya kuaminika. Angeandika kimo cha 170 kwa kuwa ndicho kilichoko kwenye fomu yake ya zamani, kosa lingeelekea upande wa pili: nywele zikiwa zimelala, nyonga zingepanda hadi 107 na nusu. Kwa hiyo kabla ya kufungua programu, simama ukutani bila viatu, mtu mwingine akuwekee kitabu bapa kichwani kikigusa ukuta, atie alama, na upime kutoka sakafuni. Nywele zishushwe nyuma ya shingo.

Nguo ndiyo hasara kubwa kuliko zote, na watu huidharau. Nguo ikikaa mbali na ngozi kwa sentimita 1 tu pande zote, mzunguko unaongezeka kwa zaidi ya sentimita 6, kwa sababu kila sentimita ya nusu kipenyo huzaa sentimita 6.28 za mzunguko. Dera halifai kabisa. Fulana ya kawaida haifai. Taiti na sidiria ya mazoezi vinafaa, ilimradi rangi yake isimezwe na ukuta: mwenye ngozi nyeusi aliyevaa nyeusi mbele ya pazia la kahawia, taa ikiwa moja tu, anaiacha simu ikisie hata mpaka wa mwili wake. Ukuta mweupe na mwanga wa mchana kutoka mbele vinaondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Sasa, kosa la sentimita ngapi ni kubwa? Shirika la kimataifa la viwango, ISO, katika kiwango chake namba 20685 kinachohusu mashine za kuskani mwili kwa ajili ya takwimu, linataka tofauti ya wastani kati ya mashine na mpimaji stadi isizidi milimita 9 kwa mizunguko mikubwa kama kifua na kiuno. Hicho ni kiwango cha maabara. Kwa mnunuzi kipimo changu ni rahisi zaidi. Kwenye majedwali mengi ya nguo za kike, saizi moja na inayofuata hupishana kama sentimita 4. Kwa hiyo kosa la sentimita 2 tayari linakufikisha njia panda, na la 3 linakuvusha.

Ukaguzi unaanza na futi ya kamba ya fundi. Nayo ina uongo wake, nao hutokana na mahali inapowekwa. Neno kiuno kwa fundi mmoja ni pale mwili unapojikata ukiinama ubavuni, kwa mwingine ni kitovuni, na kwa mtengeneza jinzi ni mahali suruali inapokaa, ambapo ni chini zaidi. Kati ya sehemu hizo tatu futi inaweza kupishana sana kwa mtu yule yule. Programu nyingi zinakuonyesha mwili wako wa kompyuta ukiwa na mistari mahali zilipopima. Itazame hiyo mistari kwanza, kisha funga uzi mwilini mahali pale pale na uupime huo. Nyonga zipimwe miguu ikiwa pamoja, mahali makalio yalipojitokeza zaidi, futi ikiwa sambamba na sakafu mbele na nyuma, imegusa bila kubana. Pumua, toa pumzi, ndipo usome. Apime mtu mwingine, maana ukijipima mwenyewe unainama kuisoma namba na mwili unabadilika.

Ukishapata namba za futi, skani tena, ondoka mahali uliposimama, rudi, skani tena. Nyonga zikipishana zaidi ya sentimita 2 kati ya skani na skani, programu hiyo kwenye simu hiyo na chumba hicho haikufai, usipoteze muda kutafuta wastani. Zisipopishana lakini zote ziko chini ya futi kwa sentimita 3, hiyo ni habari nzuri kuliko inavyoonekana: kosa lisilobadilika unaweza kulirekebisha kwa kuongeza 3 kila mara. Ila marekebisho hayo ni ya nyonga peke yake. Kifua kina kosa lake, na paja lake.

Kuna jaribio moja zaidi ninalolipenda, kwa programu zinazouliza uzito. Skani ukiandika uzito wako wa kweli, halafu skani papo hapo, nguo zile zile, mahali pale pale, ukiongeza kilo 10 za uongo. Mwili uliosimama mbele ya kamera haujabadilika hata chembe. Kama kiuno kimepanda sentimita kadhaa, umegundua kwamba programu inakisia kutokana na uzito zaidi kuliko picha, na kwamba zile picha mbili za kubana ulizopiga zilikuwa mapambo.

Hapo tumemaliza vipimo vya mwili, na bado hatujafika kwenye saizi. Hizo ni habari mbili tofauti. Fundi mmoja wa Tandika, Dar es Salaam, anayewashonea pia wateja walioko Maskati na Birmingham, nilimuuliza anafanyaje akiletewa kwa simu vipimo vya programu. "Navipokea, dada, siwezi kuvikataa," akasema. "Ila namwambia anitumie na picha ya gauni linalomkaa, alilaze mezani, aweke futi juu yake. Mwili unaniambia yeye yukoje. Gauni linaniambia anapenda likae vipi."

Anachokifanya fundi huyo ndicho mnunuzi wa mtandaoni anachopaswa kukifanya. Maduka mengi makubwa, chini ya picha ya nguo, yana majedwali mawili. Moja limeandikwa `Body Measurements`, yaani mwili ambao nguo imekusudiwa. Jingine limeandikwa `Product Measurements`, yaani nguo yenyewe ikipimwa. Ushauri wa saizi mara nyingi unaegemea la kwanza. La pili ndilo la kukagulia.

Turudi kwa mwanamke wetu, anayetaka suruali ya kitambaa kisichovutika. Jedwali la mwili linasema M ni kiuno 78 na nyonga 102, na L ni 82 na 106. Skani yenye fundo la nywele ilimpa 78 na 102, sawasawa na M, kwa hiyo programu inamshauri M bila wasiwasi wowote. Futi inasema 80 na 105. Kwenye jedwali la nguo, M ina nyonga 107 na L ina 111. Akivaa M atabaki na nafasi ya sentimita 2, nayo ni ya kusimamia tu. Akikaa makalio yanatanuka, na kitambaa kisichovutika hakina pa kwenda isipokuwa kuvuta mshono na kuteremka kiunoni. Sasa achukue suruali yake anayoipenda, ya kitambaa cha aina hiyo hiyo, aifunge zipu, ailaze mezani bila mikunjo, apime kutoka ubavu hadi ubavu usawa wa mwisho wa zipu. Anapata 55 na nusu. Mara mbili ni 111. Amepata jibu: L. Kiuno cha L kwenye jedwali la nguo ni 84, kitamlegea kwa sentimita 4, na hapo achague nyonga na aache kiuno. Fundi akipewa suruali inayolegea kiunoni ataipunguza jioni hiyo hiyo. Akipewa inayobana nyonga atafungua mshono wa kiwandani na kukuta kitambaa cha kuongezea hakipo.

Hata jedwali la nguo lisichukuliwe kama msahafu. Maduka yenyewe huandika chini yake kwamba vipimo vinaweza kupishana sentimita 1 hadi 3 kwa kuwa vimechukuliwa kwa mkono. Ndiyo maana anayetaka kufika kwenye nusu sentimita anajisumbua bure.

Kuna ushauri mwingine wa saizi usiotumia kamera kabisa. Unaulizwa kimo, uzito, umri, umbo la tumbo, na chapa ya nguo unayovaa sasa na saizi yake. Halafu unaambiwa kwamba watu wanaofanana nawe walinunua M. Usiudharau. Kwa shati au fulana unaweza kuwa mzuri kuliko skani, kwa sababu unategemea watu waliobaki na nguo na waliozirudisha, na hivyo unajua hata chapa inayokata nguo ndogo kuliko jedwali lake. Ila hesabu yake inaliwa na kurudisha. Mteja wa Ujerumani anarudisha suruali inayombana, na mfumo unajifunza. Wa Mwanza au Kisumu aliyeagiza kupitia wakala na kulipia mzigo, nguo ikimbana anampa mdogo wake au anaiuza. Kwenye kumbukumbu za duka inasomeka kwamba ilimtosha.

Na zile programu za kujaribisha nguo kwa picha? Hizo ziwekwe kando kabisa ya habari ya saizi. Google ilianza mwaka 2023 kwa kuonyesha nguo kwenye picha za wanamitindo wa maumbo mbalimbali, kisha mwaka 2025 ikaanza kuruhusu watu watumie picha zao wenyewe. Kinachofanyika ni kuchora picha mpya: kompyuta inachukua picha ya gauni na picha yako, inachora gauni likiwa limekuvaa, mikunjo na vivuli vikiwa mahali pake. Haina habari ya sentimita za gauni wala za nyonga zako. Kwa rangi, kwa shingo ya gauni, kwa kuona kama maua makubwa yanakupendeza, ni chombo kizuri na cha kufurahisha. Jaribio lake ni fupi. Tafuta mahali pa kuchagua saizi. Kama hapapo, picha haisemi lolote kuhusu saizi. Kama papo, chagua S kisha XL. Gauni likikukaa vilevile mara zote mbili, umeshajua.

Kuhusu picha zenyewe, za mwili ukiwa na taiti, jiulize zinakwenda wapi. Baadhi ya programu hukokotoa ndani ya simu, nyingine hupeleka picha kwenye seva. Njia ya kubahatisha ni kuzima data baada ya kuingia kwenye akaunti, kisha kuskani: ikikamilisha kazi bila mtandao, hesabu inafanyika simuni, ingawa hilo halizuii picha kupelekwa baadaye mtandao ukirudi. Maneno ya kutafuta katika masharti yake ni muda wa kuhifadhi picha na kama unaweza kuzifuta mwenyewe.

Ukishanunua, akaunti hubaki na vipimo vyako na kuendelea kukushauri kwavyo bila kukuuliza tena. Aliyejifungua, aliyekonda kwa maradhi, kijana wa miaka 15 anayerefuka, wote wanashauriwa kwa mwili waliokuwa nao siku ile. Fungua ukurasa wa wasifu wako, angalia tarehe ya vipimo, na kama haipo, vifute vyote uanze upya na futi.